Kusoma midundo darasani: mstari mmoja ubaoni, kazi tatu

Mwalimu unayeanza kufundisha muziki, kwenye darasa lako la nne utamkuta mtoto anayepiga ngoma nyumbani tangu hajajua kusoma, na pembeni yake, dawati lilelile, yupo ambaye miguu yake bado haifuati pigo la wimbo. Ukiwapa zoezi moja, wa kwanza atachoka na wa pili atapotea. Ukiwatenga makundi ya wanaojua na wasiojua, umewanyima hao wa pili msaada mkubwa kuliko wako, yaani kumsikia jirani. Mimi nawaandikia wote mstari mmoja, kisha nawapa kazi tofauti juu yake.

Chora masanduku manne ubaoni. Kila sanduku ni pigo moja. Kijiti kimoja ndani yake ni sauti moja inayolijaza sanduku zima, nasi tunaitamka "ta". Vijiti viwili vilivyounganishwa juu ni sauti mbili zilizo sawa ndani ya pigo hilohilo, "titi". Sanduku tupu ni kimya: hatutamki kitu, tunafungua viganja tu. Kwa kipindi cha dakika 40 alama hizo tatu zinatosha. Siku nyingine utaongeza kichwa cheusi chini ya kila kijiti, na watoto watakuwa tayari wanasoma noti zenyewe.

Dakika kumi za mwanzo usiguse chaki. Wasimame, wakanyage papo hapo wakifuata mshale wa sekunde wa saa ya ukutani, mapigo 60 kwa dakika. Miguu ikishatulia, ongeza maneno juu yake: "embe" ni titi, "parachichi" ni titi titi. Chagua maneno ya silabi mbili au nne. "Nanasi" litakusumbua, kwa sababu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili. Mtoto akiianza silabi ya kwanza pamoja na mguu, ama atalipotosha neno ama atalipoteza pigo. Kwa sauti moja ya pigo zima, "taa" linakaa vizuri.

Sasa andika mstari: ta, titi, kimya, ta. Kundi la kwanza linashika pigo kwa miguu, hatua nne, bila kujali kilichoandikwa. Kundi la pili linapiga kofi moja mwanzoni mwa kila sanduku lenye kijiti, kwa hiyo linanyamaza kwenye la tatu tu. Kundi la tatu linatamka na kupiga kila kitu. Sauti zao zinakutana mwanzoni mwa kila sanduku lenye kijiti, ndiyo maana hawagongani hata darasa likiwa na watoto sitini. Anayeona ni rahisi, mwambie asome kutoka kulia kwenda kushoto: ta, kimya, titi, ta. Vijiti ni vilevile, ila hawezi tena kutegemea sikio.

Kila baada ya raundi chache badilisha kazi. Kushika pigo kusiwe adhabu ya walio nyuma. Mpe kazi hiyo hasa yule mpiga ngoma wako, kwa sababu watoto wenye vipaji mara nyingi hukimbia, na kwenye titi ndiko wanakoanzia kukimbia.

Kuna jambo linalowadanganya walimu wengi wapya. Darasa linasikika safi kabisa, kumbe watoto watatu wanasoma na wengine wanawafuata kwa kuchelewa kidogo sana. Jipime hivi: waambie wasome mstari kimyakimya, miguu ikiendelea, na makofi yalie kwenye sanduku la nne peke yake. Kofi likiwa moja, wanasoma. Likitawanyika kama mvua ya rasharasha, wengi walikuwa wanafuata. Waliotangulia wamemeza kimya cha sanduku la tatu, kwa hiyo warudishe kwenye kufungua viganja kwa nguvu, kimya kiwe tendo la mwili. Waliochelewa wanamsubiri jirani. Hao wape kazi ya pili kwa raundi kadhaa.

Jambo jingine ni kukariri. Ukiwapigia mstari kwanza nao wakaurudia, hawajasoma, wameiga. Kwa hiyo usiwapigie. Hesabu tu "moja, mbili, tatu, nne" kwa mwendo unaoutaka, kisha waache waanze wenyewe. Raundi inayofuata, futa sanduku moja na ubadilishe alama yake bila kutangaza. Macho yaliyokuwa ubaoni utayajua papo hapo.

Kabla ya kuongeza sauti nne ndani ya pigo moja, wape mstari unaoanza na kimya: kimya, ta, titi, ta. Huu ndio mgumu kuliko yote ya hatua hii, kwa kuwa mwili unataka kupiga pale hesabu inapoanza. Wengi wa darasa wakiuvuka bila kofi la bahati mbaya, songa mbele. Wasipouvuka, kipindi kijacho kianzie hapo, kwa miguu na viganja vilevile.