Lanji na goti la mbele: anza na urefu wa hatua

"Nikipiga lanji za kutembea, goti la mbele linauma kwa mbele, kwenye pia ya goti, kila nikishuka. Nakosea wapi?"

Ndugu, lanji ni kupiga hatua ndefu na kushuka magoti yote mawili yakikunjika. Shuka mpaka chini, tulia hapo, kisha tazama kisigino cha mbele. Kikiinuka, hatua yako ni fupi. Goti linasukumwa mbele sana na pia ya goti inabanwa zaidi kwenye mfupa wa paja. Goti kupita vidole kidogo si kosa kwa mtu mzima wa afya, ila kwa goti linalouma tayari ni mzigo wa ziada.

Kupima hatua, piga goti la nyuma sakafuni, muundi wa mbele usimame wima, unyayo wote chini. Weka alama ya chaki palipo kisigino cha mbele na vidole vya nyuma. Huo ndio umbali wako. Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alikuwa anapiga hatua ya sentimita 60. Kipimo kilimpa 80, na maumivu yakapungua siku ileile. Ukivutwa kwenye kinena cha mguu wa nyuma, umezidisha, punguza kidogo.

Kwa sasa acha za kutembea, maana kila hatua goti linafunga breki ya mwili unaokwenda mbele. Piga lanji za kurudi nyuma: mguu wa mbele haubanduki, na kiwiliwili ukikiinamisha kidogo, makalio hubeba zaidi.

Goti likivimba au kukwama, muone daktari.