Kazi mbili Uganda: mshahara wa pili ukikatwa asilimia 30, unadai nini?

Watu wengi wenye kazi mbili huona asilimia 30 imekatwa kwenye mshahara wa pili kuanzia shilingi ya kwanza, wakaamini wameonewa. Mara nyingi hawajaonewa. Kwa viwango vya PAYE vya mwaka wa kodi 2024/25, mkazi halipi kitu kwa 235,000 za mwanzo za mwezi, kisha hukatwa asilimia 10, halafu 20, na kila shilingi inayozidi 410,000 hukatwa 30. Nafuu hiyo ya mwanzo hutolewa mara moja tu, kupitia mwajiri mkuu. Basi kama kazi kuu inakulipa zaidi ya 410,000 kila mwezi, mwaka mzima, mshahara wa pili umekatwa sawasawa na huna cha kudai.

Cha kudai kipo pale kazi kuu inapolipa chini ya hapo. Chukua nesi wa Mbale anayelipwa 300,000 kwenye zahanati aliyoianza zamani, na 600,000 kwenye hospitali iliyomwajiri baadaye. Zahanati, kwa kuwa ilitangulia, ndiyo iliyoandikwa mwajiri mkuu: inakata 6,500. Hospitali inakata 180,000. Jumla ni 186,500, lakini kodi halali ya 900,000 ni 172,000. Kila mwezi anazidishiwa 14,500, na kwa mwaka zinafika 174,000.

Dawa yake ni kuwaandikia waajiri wote wawili ili hospitali iwe mwajiri mkuu. Hospitali itakata 82,000, zahanati 90,000, na hesabu inatimia bila kudai chochote.

Hasara kubwa zaidi humpata anayeacha kazi kuu katikati ya mwaka huku ile iliyobaki ikiendelea kumkata kama ya pili. Ikiwa inamlipa zaidi ya 410,000, anapoteza 98,000 kila mwezi. Siku ya kuacha ndiyo siku ya kumjulisha mwajiri aliyebaki.

Kodi iliyozidi ya miezi ya nyuma hudaiwa kwa ritani ya mwaka. Mwaka wa kodi huisha Juni 30, na ritani huwasilishwa kufikia Desemba 31 kwenye tovuti ya URA. Mwenye waajiri wawili anatakiwa kuiwasilisha hata kama hadai kitu. Jaza mshahara ghafi, kabla ya makato ya NSSF. Ukijaza ulichopokea mkononi, hesabu haitakubaliana na ya waajiri.

Kabla ya kutuma, linganisha slipu zako za miezi 12 na PAYE iliyoingia kwenye akaunti yako ya kodi. Dai linaweza kukwama hapa: mwajiri amekata lakini hajapeleka, au amepeleka kwa TIN yenye tarakimu moja iliyokosewa. Ukiona mwezi umeruka, mwajiri ndiye wa kurekebisha ritani yake ya PAYE ya mwezi huo, kwa hiyo mfuate yeye kwanza, slipu mkononi.

Jiandae pia kwa upande wa pili. Mishahara ya milioni 7 na milioni 4 hupita milioni 10 ikijumlishwa, na asilimia 10 ya ziada, inayotozwa kwa kinachozidi milioni 10 kwa mwezi, haikukatwa na yeyote. Hapo ritani inakudai wewe, 100,000 kwa kila mwezi.