Presha ya simu iliniharibia hesabu ya dakti

Feni ya kukaushia ilikuwa inapuliza hewa ya nyuzi 60 ndani ya dakti ya milimita 600 kwa 400. Nilitakiwa kusema inapeleka hewa kiasi gani. Nikaigawa dakti katika vyumba 25 vilivyo sawa, nikatoboa matundu matano upande wa milimita 400, na kwenye kila tundu nikausimamisha mrija wa Pitot, unaopima presha inayoletwa na kasi ya hewa, katika vina vitano: 60, 180, 300, 420 na 540. Mdomo wake uangalie hewa inakotoka. Ukipinda kidogo haidhuru, ukipinda sana manometa inakudanganya.

Manometa inatoa tofauti ya presha kwa paskali. Hapa ndipo wengi hukosea: hujumlisha paskali zote, wakagawa kwa 25, kisha ndipo wakatafuta kipeuo. Chukua nukta mbili tu, 100 na 25. Vipeuo ni 10 na 5, wastani 7.5. Ukianza na wastani wa presha unapata 62.5, ambayo kipeuo chake ni 7.9. Umeshaongeza hewa asilimia tano ambayo haipo. Kipeuo kwanza, wastani baadaye.

Vipeuo vyangu 25 vilitoa wastani wa 9.0. Kilichobaki ni densiti ρ, kisha kasi V na mtiririko Q:

```
ρ = P / (287 × T)
V = 9.0 × √(2/ρ)
Q = V × 0.24
```

P ni presha ya hewa kwa paskali, T ni joto kwa kelvini, kwa hiyo 333. Kwa P nilifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, nikakuta hektopaskali 1015, yaani paskali 101,500. Densiti ikatoka 1.06, mtiririko mita za ujazo 2.96 kwa sekunde. Nikaridhika, maana nilijiona nimewashinda wanaotumia 1.2 kila mahali.

Kumbe tulikuwa juu sana kutoka usawa wa bahari. Presha ya utabiri huwa imerekebishwa ionekane kana kwamba uko ufukweni, na hewa iliyokuwa mbele yangu haikuwa na habari hiyo. Baromita iliyowekwa palepale ilisoma hektopaskali 840. Densiti halisi ni 84,000 kugawa kwa 287 mara 333, yaani 0.879. Hewa nyepesi lazima ikimbie zaidi ili itoe presha ileile, kwa hiyo kasi ikawa mita 13.6 kwa sekunde na mtiririko 3.26. Kwa 1.2 ningeandika 2.79, pungufu kwa asilimia 14.

Presha tuli ya dakti yenyewe, kama ni paskali mia tatu hivi, ukiiongeza kwenye 84,000 hutaona tofauti. Ila ukiona nukta kadhaa zinasoma chini ya sifuri, usizifute wala usizipe sifuri. Hewa inazunguka hapo kwa sababu ya kona au dampa iliyo karibu, na hakuna densiti itakayoponya hilo. Ziba matundu, ukatoboe mengine kwenye kipande kirefu kilichonyooka.