Ofa inakuja? Supplaya ajue kabla hujatuma oda

Mnaoanza kazi ya planing, iwe upande wa duka au upande wa supplaya, hii mtaiona mapema sana: bidhaa inaisha shelfuni wiki ileile ya ofa, alafu kila upande unamlaumu mwenzake. Mara nyingi wote walikuwa na makadirio, ila kila mmoja kayakalia ya kwake.

Chukulia bidhaa inauza katoni 100 kwa wiki. Duka linapanga ofa ya wiki 2 na linategemea kuuza 250 kila wiki, supplaya yeye anaangalia oda za nyuma anaandaa 100 kama kawaida. Pengo hapo ni katoni 300. Sasa kama anahitaji wiki 4 kupata vifungashio na 2 za kuzalisha na kusafirisha, ukimshtua zimebaki wiki 3 atakupa kilichopo stoo basi, hata umpigie simu mara ngapi. Na mzigo unatakiwa uwe dukani kama wiki moja kabla ya ofa, kwa hiyo mpango ufungwe wiki 7 kabla, baada ya hapo hakuna kubadilisha kiholela. Hiyo tarehe ndo ya kukubaliana kwanza, kabla hata ya bei ya ofa kwa maoni yangu.

Namba mnazopeana msizichanganye. Andika 100 za kawaida na 150 za ofa kwenye safu mbili tofauti, ili ofa ikisogezwa mbele wiki moja supplaya ajue asogeze zipi na zipi ziendelee kama kawaida. Alafu mpe na mauzo halisi ya kwenye kaunta, oda peke yake inadanganya: duka linaweza kuagiza 700, 500 za kuuza na 200 za kuweka stoo kwa sababu bei ya kununulia imeshuka, supplaya akadhani wateja wameongezeka akazalisha zaidi, kumbe ofa ikiisha wiki 2 nzima hamna oda.

Kikao cha kila wiki msipitie bidhaa zote mtachoka bure. Wekeni makadirio ya pande zote sambamba, mjadili zile zilizopishana sana tu, tuseme zaidi ya asilimia 20.

Kuna mtego mwingine huu wengi hawauoni. Bidhaa ikiisha siku ya nne ya ofa, ripoti itasoma kama katoni 140 tu wiki ile, na mtu wa planing mwakani atachukua hiyo 140 kama ndo mahitaji, ofa inakauka tena. Kwa hiyo siku ambazo shelfu lilikuwa tupu ziwekeeni alama kwenye data mapema, mkiwa bado mnakumbuka, na kadirio la ofa ijayo lipigwe kwa siku zenye mzigo tu.