Barua kwa mwanangu: supavaiza kasema umtumie ulichofanya

"Shikamoo mama. Ile fildi ya kiwandani nimemaliza tangu mwezi wa pili, sasa naomba kazi ya maabara na wanataka barua ya aliyenisimamia. Supavaiza kakubali ila kasema nimtumie vitu nilivyofanya aviweke. Ndo nianze kujisifia jamani? Naandikaje?"

Marahaba mwanangu. Hajakuambia ujisifie, kakuambia umkumbushe. Mimi huku stoo napokea watoto wa fildi kila mwaka, watatu, wanne, na wakishaondoka miezi miwili nakumbuka sura tu na nani alikuwa anachelewa. Kuna kijana aliniandikia "mama naomba barua" basi, hakuna kingine, nikamwandikia ni mchapakazi, mwaminifu, anashirikiana na wenzake, barua ambayo hata mlinzi wa geti ungempa ingemfaa. Na yeye ndo aliyegundua katoni zinazokaribia kuisha muda zimefukiwa nyuma ya mpya! Nikaja kukumbuka barua imeshaondoka, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo chukua logibuku lako, lile lililoloa kava, utafute mambo matatu au manne tu ambayo supavaiza aliyaona kwa macho yake. Usimpelekee ishirini, hatasoma.

Hapo kwenye rasimu umeandika "niliboresha udhibiti wa ubora wa samaki". Mtu wa maabara akisoma atajiuliza mwanafunzi wa wiki 10 kaboresha nini kwenye kiwanda cha sangara. Mimi nikikumbuka ulivyonisimulia ile siku ya kipimajoto ningeandika hivi:

"Kwa wiki 8 nilipima joto la samaki wanaoshushwa asubuhi, samaki 10 kila gari, na kujaza fomu. Wiki ya tatu niligundua kipimajoto kimoja kinasoma nyuzi 2 kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, wakati kilitakiwa kusoma 0. Ulinielekeza nirudie na barafu mpya, jibu likawa lilelile, kikaondolewa kwenye kazi."

Umeona? Hakuna neno hodari wala makini humo, hayo atayaongeza mwenyewe, ndo kazi yake. Ila akifika hapo kwenye "ulinielekeza nirudie" ile asubuhi itamrudia yote, na ataweza kuandika kitu ambacho wewe huwezi kujiandikia, kwamba hukukimbilia kulaumu kifaa, maana barafu ikiwa chache maji yenyewe yanapanda joto, na hapo kipimajoto kikisoma 2 kinakuwa hakijakosea. Na anayekuajiri akisoma anajua huyu anaelewa, kipimajoto kinachozidisha nyuzi 2 kinafanya samaki waliopoa vizuri waonekane wamepata joto, gari zima linakataliwa bure.

Ile ya kupima urefu wa sangara, kutafuta walio chini ya sentimita 50, mlikuwa watatu, basi andika "tukiwa watatu, mimi nilikuwa najaza daftari". Usijibebeshe ya wenzako, akipigiwa simu akaulizwa akaanza kusitasita imekula kwako. Na namba yoyote isiyokuwepo kwenye logibuku itoe. Tani walizouza na majina ya wateja wao nayo usiguse hata kama unayajua, hizo ni siri za kiwanda na yeye atashindwa kusaini.

Juu kabisa ya meseji, kabla ya hayo mambo, weka tarehe ulizoanza na kumaliza, kitengo, kazi unayoomba, barua iende kwa nani na mwisho lini. Uliza kama anaweza kuiweka kwenye letahedi na muhuri, wengi wanataka hivyo, na ambatisha lile tangazo la kazi ajue aegemee wapi. Mpe wiki mbili, siyo kesho kutwa, halafu zikibaki siku nne mkumbushe mara moja kwa upole. Andika maneno yenyewe ndani ya imeili, usipige picha wala usitume PDF, anatakiwa aweze kukata na kubandika. Malizia na kasentensi kama "tafadhali punguza, badilisha au futa usichokikumbuka", maana bila hivyo wengine wanaona aibu kugusa wanasaini kama ilivyo. Niliwahi kuletewa barua mbili za watoto wawili zina sentensi zilezile mpaka koma, nikazirudisha zote.

Ukimaliza nitumie Watsapu niipitie kabla hujaituma, mchana nipo kazini ila usiku nasoma. Dagaa wako wa Mwaloni nimeshawakausha tena, walikuwa na unyevu, nitampa konda wa basi la Ijumaa.

Mama