Kicheko cha kuazima: maswali yenu kuhusu vichekesho vya watu

Mimi ni MC wa harusi. Kwani kichekesho kina mwenyewe? Si vyote ni vya watu wote?

Vipo vya wote na vipo vya mtu, na anayesimama na kipaza sauti mkononi anatakiwa ajue kuvitofautisha.

Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake: "Sufuria yako imezaa." Jirani anapokea vyote viwili kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi anaazima na harudishi. Akidaiwa, anajibu kwamba sufuria imekufa. Jirani anakuja juu: sufuria inakufaje? "Ulisadiki kwamba imezaa, unakataaje kwamba imekufa?"

Kisa hichohicho Waturuki wanakisimulia kwa jina la Hoja Nasreddin, na Waarabu wana Juha wao. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, lakini sufuria hii imepita mikono mingi kuliko yake. Hapo huna wa kumlipa fadhila isipokuwa mapokeo. Sema "Abunuwasi siku moja…" na umeshataja chanzo.

Cha mtu utakijua kwa alama zake. Kina mtaa, kina mama yake msimulizi, kina kondakta wa basi fulani aliyesema neno fulani, na maneno yamepangwa hivi kwamba ukihamisha moja kicheko kinapotea. Kisa cha mapokeo kinastahimili kusimuliwa vibaya na bado watu wakacheka. Kichekesho cha mtu hakistahimili, na wewe unayekiazima unalijua hilo, ndiyo maana unakisema neno kwa neno.

Nikibadilisha majina na mji si kinakuwa changu?

Hapana. Umebadilisha nguo, mtu ni yuleyule. Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu.

Nikisema "hiki nimekisikia kwa fulani" ukumbi unapoa. Nitaje vipi chanzo bila kuua kicheko?

Hili ndilo nililotamani mniulize, kwa hiyo nitakaa hapa.

Rafiki yangu mmoja wa Tanga amekuwa mhazini wa kamati za harusi kwa miaka mingi. Anasema kuna mzee aliahidi laki tano. Vikao vinne vyote mzee anasema ahadi iko palepale. Siku ya harusi akaja na bahasha nene, akaikabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu. Kamati ikakimbilia chumbani kuifungua. Ndani kuna kadi yao wenyewe ya mchango, imekunjwa mara nne, na nyuma ameandika: "Ahadi iko palepale."

Tazama chanzo kimekaa wapi. Kimekaa mwanzoni, na kimefanya kazi. Sikusema "sasa nitawapa kichekesho cha rafiki yangu". Nimemfanya mwenye kichekesho kuwa shahidi: mhazini, wa Tanga, wa miaka mingi. Msikilizaji anapomkubali mhazini ameshakikubali kisa, na mwenyewe ametajwa bila mtu kuhisi kwamba amesomewa hati.

Sasa kiharibu makusudi uone. Sema: "Kamati ikakimbilia chumbani kuifungua, ndani, na hapa namnukuu rafiki yangu mmoja wa Tanga, kuna kadi yao wenyewe…" Umekiua. Kati ya bahasha kufunguliwa na kadi kuonekana, ukumbi umeshika pumzi. Neno lolote utakalolitia hapo, hata jina la mfalme, linawafanya watoe pumzi kabla ya wakati. Baada ya hapo panchi, yaani neno la mwisho la kuchekesha, inaangukia watu waliokwisha kutulia. Wengi mnaolalamika kwamba kutaja chanzo kunaua kicheko mnataja hapo katikati, au mnaanza na sifa: "Kuna kichekesho kinachekesha sana cha fulani." Mkishaahidi kicheko, ukumbi unakaa kama mtahini.

Njia ya ushahidi ina mpaka wake. Inafaa pale ukumbi usipomjua mwenye kichekesho. Akiwa mchekeshaji maarufu, ukimtaja mwanzoni watu wanaanza kusikia sauti yake masikioni, wanakulinganisha naye, na waliokwisha kukiona kisa wanafika mwisho kabla yako. Huyo mtaje nyuma. Maliza panchi, nyamaza, acha kicheko kipande hadi juu. Kikianza kushuka, kabla hakijazimika, sema kwa sauti ya kawaida: "Hicho ni cha fulani. Akija mjini mkamsikilize." Usiombe radhi, usieleze ulikipata wapi. Ukiwahi kicheko bado kinapanda, utakikata. Ukichelewa hadi kimya, litasikika kama tangazo. Mara nyingi jina lenyewe linavuna makofi, kwa sababu watu wanafurahi kugundua kwamba wanamjua.

Ukiazima vitatu usitaje mara tatu. Kusanya vyote katika sentensi moja unapokabidhi ukumbi kwa mziki.

Nakuonya jambo moja ambalo hukuliuliza. Kama mwenye kichekesho bado anakizungusha majukwaani, kulitaja jina lake hakukupi ruhusa ya kukitumia. Wimbo ukisikika mara kumi unapendwa zaidi, lakini kichekesho kikijulikana mwisho wake kimeisha kwa ukumbi ule. Nina kisa changu cha fundi cherehani ambacho nilikihangaikia miezi kadhaa. MC mmoja alikisema kwenye sendofu, akanitaja vizuri kabisa, kwa heshima. Wiki mbili baadaye nilialikwa na ukoo uleule. Nilipofika kwa fundi, mstari wa mbele walikuwa wanatabasamu tayari na mama mmoja akamalizia sentensi yangu. Jina langu lilikuwa salama, kazi yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Piga simu kwanza. Akikataa, tumia cha mapokeo.

Nipe vichekesho vya mtandaoni ambavyo ukumbi haujavisikia, nina harusi Jumamosi.

Umevisikia wewe, wamevisikia na wao.

Nilitunga kichekesho kuhusu umeme kukatika, nikamkuta mwingine anacho karibu vilevile. Nimeiba?

Hujaiba, na hutokea sana kwa vichekesho vya habari ya siku. Jambo likiwa moja na kinaya kikiwa wazi, watu wawili wasiojuana wataliona palepale.

Kesi inayojulikana zaidi ni ya Marekani. Mwaka 2015 Tom Brady alipewa gari kwa kuwa mchezaji bora wa fainali ya mpira wao, akasema angependa kumpa mwenzake aliyewashindia mechi. Mwandishi wa vichekesho Alex Kaseberg aliandika kwamba basi gari lifurahiwe na Pete Carroll, yaani kocha wa timu iliyofungwa, ambaye uamuzi wake wa mwishoni ndio uliowapa wapinzani ushindi. Kipindi cha runinga cha mchekeshaji Conan O'Brien kikatoa kichekesho cha wazo hilohilo. Kaseberg alimshitaki O'Brien na wenzake kwa hicho na vingine kadhaa. Upande wa O'Brien ulisema waandishi wao walikifikia wenyewe. Jaji alisema ulinzi wa vichekesho vya aina hiyo ni mwembamba, kwamba lazima viwe karibu sawasawa ndipo uvunjaji uhesabike. Mwaka 2019 wakapatana nje ya mahakama.

Somo lake kwa meza yako ya kuandikia ni daftari lenye tarehe. Andika siku ulipokitunga kichekesho na siku ulipokisema mara ya kwanza. Ukikuta mwenzako ametangulia hadharani, chako kiache, hata kama moyo unajua ni chako. Na ukiona vichekesho vyako vingi vinagongana na vya watu, tatizo ni kwamba unaishia kwenye wazo la kwanza. La kwanza kila mtu analipata. Andika mpaka la sita au la saba, huko ndiko mnakoanza kuachana.

Sheria inasemaje?

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya wana ya mwaka 2001. Zote zinalinda namna jambo lilivyoelezwa, hazilindi wazo. Wazo la mzee na ahadi yake ni la yeyote. Maneno yangu yaliyoandikwa kuhusu bahasha ni yangu, na video ya mchekeshaji ni ya mwenyewe. Kuipandisha kwenye ukurasa wako baada ya kukata nembo yake ni kosa ambalo halihitaji mjadala wa wazo na maelezo. Kwa kichekesho kilichosemwa tu ukumbini, kinachokulinda kwa kweli ni wenzako wa kazi: MC anayejulikana kwa kuazima bila kutaja haambiwi tena kisa kipya na mtu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp nako tuandike jina?

Msilifute lililopo. Inatosha.

Nilikitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza. Si kazi yangu?

Inategemea kicheko kimekaa wapi. Kikiwa kwenye tukio, umebeba tu mzigo wa mtu kuvuka mto. Mtaje. Kikiwa kwenye neno, tafsiri haitavuka kabisa, na utalazimika kutafuta neno la kwetu lenye sura mbili. Nilikuwa na kimoja cha mtu kwenye mgahawa, chote kimejengwa juu ya neno la Kiingereza lisilo na mwenzake. Nikalitupa nikaandika: mhudumu akaniambia "kaa", nikamuuliza kilo shilingi ngapi. Mgahawa ni wa yule bwana, kaa ni wangu, na kama kinatokea kwenye kipindi changu nasema hivyo.

Mwenye kichekesho amesikia nimekitumia bila kumtaja. Amekasirika. Nimwambie nini?

Mpigie leo, usimwandikie. Mwambie ukumbi gani, watu wangapi, na kama ilirekodiwa. Kama video ipo, kikate kipande hicho kabla hujampigia ili uwe na la kumwambia. Usimweleze kwamba ulikuwa unamtangaza. Halafu muulize ana shughuli wapi mwezi huu, na kumbi hizo usizikaribie na kisa chake.