Waliochanga wameshajibu

*Shangazi, nafunga ndoa hapa Jinja wiki tatu zijazo. Nimetuma kadi 180 kwa WhatsApp na kuomba majibu. 62 watakuja, 8 hawaji, 110 kimya, ingawa nimewakumbusha mara nyingi. Mpishi anataka idadi. Mama mkwe ananiambia nipike tu, watu watakuja, tena anadai mke wa mjomba wao naye apewe kiti ilhali kadi ni ya mtu mmoja. Nimechoka kuingiliwa.*

Pole kwa uchovu, mwanangu. Lakini mama mkwe wako ana haki, na nadhani hizo "mara nyingi" ni ujumbe uleule uliorushwa kwenye grupu. Huko si kumfuata mgeni. Mzee wa kijijini hajibu kadi ya kwenye simu. Akihudhuria mikutano ya harusi na kuahidi shilingi 100,000, kwake jibu amekwisha kulitoa, na ukimuuliza tena anaona unamtilia shaka.

Kwa hiyo chukua daftari la michango kwa mtunza fedha wa kamati, ulilinganishe na orodha yako. Kila aliyechanga, mhesabu anakuja. Tuseme kati ya wale 110 umewakuta 60, na 15 kati yao ni wazee wenye wake au waume. Hao wenzi wao wahesabu pia. Mke wa mjomba si mgeni wa ziada. Ziada ni rafiki wa rafiki. Ukichanganya na 62 wako, unapata watu 137.

Wanabaki 50, wengi wao nadhani ni wa kazini na mliosoma nao. Hao wapigiwe simu jioni, na mtu anayewafahamu: wa upande wa mume apige shemeji yako, wako apige dada yako. Wasiulize "utakuja?", maana kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Waulize, "Tukuandikie meza ipi, ya kazini au ya shule?" Anayekuja atachagua papo hapo, asiyekuja ataanza kuzungukazunguka. Asiyepokea simu mara mbili kabla ya siku ya mwisho ya mpishi, kiti chake kipewe mwingine.

Wakikubali 20, mna watu 157. Agiza sahani 170, meza 17 za watu kumi kumi. Andika jina la kundi juu ya meza, usiandike jina la mtu kwenye kiti, kwa sababu mmoja akikosa utahangaika kuhamisha watu. Meza moja karibu na mlango iache bila jina, ikae chini ya ulinzi wa mpokea wageni. Wanaoletwa na mama mkwe bila kadi wataketi hapo, na ikijaa, yeye mwenyewe ndiye wa kuzungumza nao.

Mnaoana siku hizi mnadhani harusi ni ya watu wawili na orodha yao. Mama huyu anawajua wageni wake kwa sura na kwa tabia. Mpelekee orodha leo, aketi na wewe muipitie jina kwa jina, na kadi ya mjomba iandikwe upya kwa majina mawili, aipeleke yeye.